Ukurasa Mmoja wa Duka la Pili: Fundi wa Morogoro Anapofungua Dodoma

Hotuba hii niliitoa kwenye mkutano wa mafundi cherehani wa Morogoro. Naiweka nzima kwa ajili ya waliokuwa na kazi za watu mezani wakashindwa kufika. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Mwenyekiti, wazee wetu wa kazi, mafundi wenzangu, na nyie vijana wa ovaloki mliosimama nyuma kwa kukosa viti, nawasalimu.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kulitangaza duka la pili katika mji mwingine, nikapewa na sharti kwamba mpango wenyewe usizidi ukurasa mmoja. Sharti hilo nimelipenda. Nimeiona mipango ya kurasa arobaini iliyoandikwa kwa ajili ya kuombea mkopo. Mkopo ukitoka, nani anaufungua tena? Ukurasa mmoja unabandikwa juu ya meza ya kukatia, na binti anayepokea wateja anausoma kila asubuhi kabla hajawasha pasi.

Leo tutamchukua fundi wa mfano. Si mtu wa kweli, kwa hiyo msianze kutazamana. Ni mama mwenye duka hapa Morogoro, anashona magauni ya vitenge, suti za kike na sare za sherehe. Hapa anajulikana. Sasa anataka kufungua Dodoma, awe na mafundi wawili, cherehani mbili, ovaloki moja na binti wa mapokezi. Ukurasa wake tutaujaza pamoja.

Ndugu zangu, nikiwauliza tuanze kuandika wapi, wengi mtasema jina la duka, bango, kurasa za mtandaoni. Mimi nasema tuanze na namba mbili. Mbili tu, juu kabisa ya karatasi, kwa maandishi makubwa.

Namba ya kwanza ni nguo ambazo duka likizishona kwa wiki halili mtaji. Tupige hesabu ya fundi wetu, na kila mmoja nyumbani aweke bei zake. Ushonaji wa gauni anatoza wastani wa shilingi 30,000, kitambaa ni cha mteja. Fundi analipwa kwa kipande, 12,000. Uzi, zipu, bitana na umeme wa pasi vinakula 4,000. Zinabaki 14,000. Upande wa pili, fremu ni 250,000 kwa mwezi, binti wa mapokezi 200,000, mlinzi na taa 40,000, nauli na mizigo ya kwenda na kurudi 60,000. Jumla 550,000. Gawanya kwa 14,000, utapata nguo kama arobaini kwa mwezi, yaani kumi kwa wiki. Kumi. Chini ya hapo duka la Morogoro linalilisha la Dodoma.

Namba ya pili ni nguo nyingi kuliko zote ambazo duka linaweza kuzikabidhi bila kumdanganya mtu. Mafundi wawili, kila mmoja magauni mawili kwa siku, siku sita: ishirini na nne. Hivyo ndivyo tunavyohesabu tukiwa kijiweni. Lakini nguo ngapi zinarudi kupunguzwa kiuno? Umeme unakatika mara ngapi? Fundi anauguliwa mara ngapi? Toa sita za majanga hayo. Zinabaki kumi na nane.

Kwa hiyo kazi ya tangazo ni kulitoa duka kwenye kumi na kulifikisha kumi na nane, kisha lisimame. Naomba nirudie hapo, maana ndipo wengi tunapoteleza. Likifika kumi na nane, tangazo lisimame. Tangazo linaloleta nguo thelathini kwenye duka la nguo kumi na nane linakuua haraka kuliko kukosa wateja kabisa. Anayekosa wateja hana adui mjini. Aliyepokea thelathini na kukabidhi kumi na nane ana watu kumi na wawili wanaomsema kila saluni, na mjini hana hata mwaka.

Kuna fundi mmoja hodari, jina namwachia mwenyewe, alifungua tawi katika mji wa pili mwezi wa Novemba. Akachapisha vipeperushi, akaweka muziki mlangoni, watu wakaja kweli. Hadi tarehe 15 Desemba meza haionekani kwa vitambaa. Tarehe 24 usiku anashona kwa tochi, na nje wamama wamekaa kwenye ngazi wanasubiri. Mmoja alivaa gauni la Krismasi ambalo upindo wake ulikuwa umeshikwa kwa pini. Mwezi wa Januari duka lile lilikuwa kimya. Watu walikuwa wamemjua sana, ila kwa jambo lile. Mkono wake hadi leo ni mzuri. Kilichomwangusha ni kutokuwa na namba ya pili ukutani.

Ndiyo maana fundi wetu tutamwandikia kwamba afungue mapema Mei. Desemba hapana, kwa sababu mmezisikia. Januari hapana, watu wametoka kwenye sikukuu na ada za shule zinawasubiri. Mei ni tulivu kidogo, na mbele yake kuna miezi ya kiangazi ambapo sherehe zinakuwa nyingi. Anapata wiki kadhaa za kuwafahamu mafundi wake wapya kabla ya vishindo.

Sasa tuje kwa mteja. Nani? Msiniambie "wanawake wa Dodoma". Dodoma ina wanachuo, ina wakulima wa zabibu, ina wafanyabiashara wa Majengo, ina wabunge wanaojaa kuanzia Aprili hadi Juni kwenye Bunge la bajeti, ina watumishi wa wizara. Hawa hawavai sawa, hawalipi sawa, hawapiti njia moja, wala hawana muda mmoja wa kwenda kwa fundi.

Fundi wetu tumchagulie mtumishi wa umma mwanamke. Sababu ya kwanza mnaijua, serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, wizara zilihama na watumishi wake. Wengi walimwacha fundi wao kwenye mji waliotoka. Mtu aliyehama anaweza kununua kitanda kipya na jiko jipya kwa siku moja, lakini fundi anayeujua mwili wake hapatikani siku moja. Sababu ya pili inatuhusu sisi wa Morogoro peke yetu, nitaifikia.

Ukishamchagua, ukurasa unaanza kujijaza wenyewe. Anafanya kazi wapi? Wengi ni Mji wa Serikali kule Mtumba, nje ya katikati ya jiji, barabara ya kuja Dar es Salaam. Jioni anarudi mjini kwa barabara hiyohiyo, anapita Nzuguni, anashukia Ilazo, Kisasa, Ipagala. Basi fremu itafutwe upande huo, karibu na anaposhukia. Kule katikati ya mji, mahali mafundi walipojipanga, wateja wapo wengi, lakini anayetembea mafundi kumi kwa mstari mmoja anatafuta bei, na fundi mgeni ndiye anayebanwa kuliko wote.

Anatoka kazini saa ngapi? Saa za ofisi za serikali ni kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi 9:30 alasiri. Je, duka linalofungwa saa 12 jioni linamngoja nani? Akitoka Mtumba, apitie sokoni, amchukue mtoto, anafika kwako saa 12 kasoro anakuta binti anafunga kufuli. Kwa hiyo tunaandika kwamba vipimo na kujaribisha ni saa 10 jioni hadi saa 2 usiku, na Jumamosi kutwa. Asubuhi duka lishone. Mstari huo mmoja haugharimu senti, nao una faida kuliko bango kubwa.

Anavaa nini? Hapa fundi wa Morogoro awe macho. Sisi tuko chini huku, joto na unyevu. Dodoma iko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, kukavu, kuna upepo, na Juni na Julai asubuhi ni baridi kweli. Nguo za mfano utakazotundika dirishani mwezi wa Mei zisiwe magauni ya mikono wazi kama ya hapa. Tundika koti la kitenge lenye bitana. Tundika sketi nzito kidogo isiyopeperuka mtu akishuka kwenye gari. Mteja akiona vazi linaloijua hali ya hewa ya mji wake, hakuulizi umetoka wapi.

Na haya mtayajuaje kabla hamjalipa kodi? Nendeni mkakae saluni. Siku mbili za kusukwa zinatosha. Ila muwe waangalifu na maswali. Ukimuuliza mtu, "Nikifungua hapa utakuja?" atasema nitakuja. Sisi tuna adabu, nani atamwambia mgeni sitakuja? Jibu hilo halina kazi. Muulize mambo yaliyokwisha kutokea. Nguo yako ya mwisho ilishonwa na nani? Ilichukua siku ngapi? Ulimlipa kiasi gani? Kipi kilikuudhi? Hapo ndipo utasikia ukweli, na utasikia neno moja mpaka ulichoke: "njoo kesho".

Mafundi wenzangu, tusizungushane. Sisi tukikutana tunasifiana mishono. Mteja analia na tarehe. Kitambaa amekinunua, harusi ni Jumamosi, na fundi hapokei simu. Fundi wa nyumbani anamsamehe kwa sababu wamezoeana. Wewe mgeni utasamehewa kwa lipi? Basi ahadi ya duka jipya tusiandike "mishono ya kisasa kwa bei nafuu". Hiyo imeandikwa kwenye kila mlango kuanzia hapa Msamvu. Fundi wetu ataandika: "Nguo yako siku tuliyoandika. Ikichelewa, kila siku tunapunguza 5,000."

Naona baba pale mbele anatikisa kichwa. Anasema tutafilisika. Mzee wangu, tutafilisika kama hatuna namba ya pili. Ukipokea kumi na nane na uwezo wako ni ishirini na nne, faini utailipa mara chache sana, na kila utakapoilipa, yule mama atakwenda kuisimulia ofisi nzima. Kwenye risiti ziandikwe tarehe mbili, ya kujaribisha na ya kuchukua. Ya kujaribisha itangulie kwa siku tatu, ili kama bega limekaa vibaya kuwe na nafasi ya kulifumua. Kitambaa kikifika na wiki imejaa, binti ana ruhusa moja tu: kuandika tarehe ya wiki inayofuata. Hana ruhusa ya kusema "tutajitahidi".

Tumeshafika kwenye tangazo lenyewe, na sasa naifikia ile sababu ya pili niliyowaahidi. Mtu wa kwanza kuvaa nguo yako Dodoma ni nani? Wengi wanadhani ni mgeni atakayepita barabarani. Hapana. Yumo ndani ya daftari lako la vipimo, hapa hapa Morogoro.

Fikirini kidogo. Tuna chuo kikuu cha Sokoine hapa mjini, na cha Mzumbe nje kidogo ya mji. Mzumbe wanafundisha utawala wa umma, fedha, sheria, mambo ya rasilimali watu. Wakimaliza wanakwenda kuajiriwa wapi? Wengine wako kwenye wizara zilezile. Walipokuwa hapa, nani aliwashonea nguo za mahafali? Ninyi! Vipimo vyao mnavyo, namba zao mnazo, na mmeziacha kwenye madaftari yaliyoliwa na mende chini ya meza.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, mwezi mmoja kabla ya kufungua, ni kukaa na madaftari ya miaka mitano iliyopita. Kila namba inayopokelewa anaulizwa kwa heshima yuko wapi siku hizi. Walioko Dodoma wanaandikiwa ujumbe, mmoja mmoja, kwa jina. Fundi wetu ataandika hivi: "Habari za kazi, dada. Ni mimi fundi wako wa Morogoro niliyekushonea gauni la mahafali. Kuanzia Mei nitakuwa Dodoma pia, Ilazo. Vipimo vyako bado ninavyo. Karibu jioni yoyote tuvihakiki bure, dakika kumi tu."

Mnaona ujumbe ule unaomba nini? Hauombi hela. Unaomba dakika kumi za futi. Miaka mitano mtu amezaa, amenenepa, amekonda, vipimo vya zamani haviaminiki, na yeye anajua. Ana sababu ya kuja bila kubeba kitambaa, na akija ataliona koti dirishani. Tuseme daftari limetoa watu arobaini walioko Dodoma, wakaja kumi na watano, wakashona wanane. Umeanza wiki ya kwanza na nguo nane kabla mgeni hata mmoja hajakujua.

Akiwa amesimama anapimwa, binti amwombe ahifadhi namba ya duka kwenye simu yake, palepale. Jambo hili ni dogo lakini wengi hawalijui. Kwenye WhatsApp, statasi yako haionekani kwa mtu asiyeihifadhi namba yako, na ujumbe wa kundi ule wa "broadcast" haumfikii. Unaweza kupiga picha nzuri mwaka mzima ukawa unajitangazia mwenyewe na shangazi zako. Na mtumie namba moja kwa maduka yote mawili. Namba mbili zinawagawa watu, na siku moja kitambaa cha Dodoma kitaulizwa Morogoro.

Nikiwa hapo hapo kwenye picha. Usimweke mteja wako statasi bila kumuuliza. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, mtumishi mwenye bosi wake kwenye simu ile ile huenda hataki kuonekana akijaribu gauni saa 10 jioni. Piga picha nguo ikiwa kwenye mdoli. Inatosha.

Baada ya daftari, njia ya pili ni sare. Na hapa mniruhusu nikae kidogo, maana sare ndiyo inayolijenga duka jipya na ndiyo inayolivunja.

Mama mmoja anaozesha. Kamati ya sendofu ina wanawake kumi na wawili na wanataka kitambaa kimoja. Ukiipata kazi hiyo, umepata nguo kumi na mbili kwa mkupuo, zaidi ya ile namba ya kwanza ya wiki. Lakini faida kubwa ni kwamba umepata miili kumi na miwili na namba kumi na mbili za simu bila kuchapisha kipeperushi. Ukiikosea, umepata wasemaji kumi na wawili waliokaa meza moja ukumbini wakishika viuno vyao.

Nimeona kazi ya sare ikiharibika kwa jambo ambalo halikuwa la sindano. Kamati ilinunua kitambaa kwa awamu mbili. Wanane walilipa mapema, wanne wakachelewa, vya wanne vikatoka kwenye jora lingine. Rangi ni ileile dukani. Chini ya taa za ukumbi, wanne wale walikuwa kama wageni wa harusi nyingine. Nani alilaumiwa? Fundi. Kwa hiyo kwenye ukurasa tuna mstari wa sare: kitambaa chote kutoka jora moja, siku moja. Kamati inatoa mtu mmoja wa kuongea na fundi, mmoja tu. Nusu ya fedha inatangulia na inalipwa na mweka hazina, si na kila mtu kwa wakati wake. Vipimo vinachukuliwa jioni moja, fundi anakwenda na futi yake kwenye kikao chao. Asiyekuwepo siku hiyo anakuja mwenyewe dukani ndani ya siku tatu. Kazi inahitaji wiki tatu, na kundi likizidi kumi na wawili linagawanywa wiki mbili. Kamati isiyokubali, mpigie simu fundi mwenzako umpe.

Mwezi mmoja baada ya sherehe, wale kumi na wawili wanapata ujumbe ule ule: vipimo vyako ninavyo. Mjini mtu anayeshona sare kwako na ikamkaa vizuri hatafuti tena. Anakuletea kitambaa kwa bodaboda.

Je, tunaipataje kamati ya kwanza? Hapa ndipo fedha ya matangazo inapoingia, na fundi wetu ametenga shilingi 200,000 kwa miezi mitatu. Ziende wapi?

Wengi watasema vipeperushi. Haya, tupige. Vipeperushi 500 kwa shilingi 150 ni 75,000. Tuseme vimeleta watu watano, na hapo tumekuwa wakarimu. Kila mmoja amekugharimu 15,000. Nguo yake inakuachia ngapi? 14,000. Umemlipa shilingi elfu moja ili akubali kushonewa! Sasa njia nyingine. Chagua wanawake watatu wanaoonwa na wengi: mwenye saluni, mshereheshaji wa kike, na yule dada wa ofisini ambaye kila mchango wa harusi unapitia kwake. Walete vitambaa vyao, uwashonee bure, moja moja, kazi yako bora. Gharama yako ni ya fundi na uzi, 16,000 kwa gauni, jumla 48,000. Kila mmoja akileta wanne, ni watu kumi na wawili, kwa 4,000 kila mmoja. Na mmojawapo huenda ana kamati.

Kiasi kinachobaki: lebo za shingoni zenye jina na namba, 300 kwa shilingi 200, ni 60,000. Bango la mlangoni lenye saa za jioni, 70,000. Inabaki 22,000 ya vifurushi vya simu. Imekwisha. Kuweka duka kwenye ramani ya Google ni bure, mfanye siku ile ile mnayofungua mlango, kwa sababu mgeni wa mji anatafuta kwa simu kuliko kuuliza.

Mtaniuliza, mbona hukuweka punguzo la ufunguzi? Kwa sababu mteja atakayekuja kwa 20,000 ameshaamua gauni lako ni la 20,000. Mwezi wa pili ukisema 30,000 ataona umepandisha. Mpe kitu kisichogusa bei: kurekebisha bure ndani ya siku saba. Hicho unakifanya hata sasa, ila hukisemi.

Jambo moja linaloyaangusha maduka ya pili ya mafundi, hata tangazo likiwa zuri: "Fundi mwenyewe yuko?" Mteja wa Dodoma akishasikia sifa zako, anataka mkono wako, na mkono wako uko Morogoro. Usimfiche. Andika mlangoni siku zako. Fundi wetu atakuwa Dodoma Ijumaa na Jumamosi, atapima na kukata mwenyewe, mafundi washone wiki inayofuata. Kwa treni ya SGR safari hii ni fupi kuliko zamani. Nguo za siku nyingine zinapimwa na fundi mkubwa wa kule, lakini suti na sare hazikatwi mpaka mwenyewe aje. Watu wanaheshimu jambo hilo likisemwa mapema.

Sasa nausoma ukurasa wenyewe, mwenye kalamu anakili.

*Kumi kwa wiki tunaishi. Kumi na nane tunasimamisha matangazo. Mteja wetu: mtumishi mwanamke anayekaa kati ya Nzuguni na Kisasa. Ahadi: nguo siku iliyoandikwa, ikichelewa tunapunguza 5,000 kwa siku. Kujaribisha saa 10 jioni hadi saa 2 usiku. Mwenyewe yupo Ijumaa na Jumamosi. Watu wa kwanza: daftari la Morogoro. Watu wa pili: magauni matatu ya bure. Watu wa tatu: sare, jora moja, nusu mbele, wiki tatu. Matangazo 200,000 kwa miezi mitatu. Desemba hatupokei baada ya tarehe 10. Kila mteja anaulizwa nani kamwelekeza.*

Mstari wa mwisho ule msiuone mdogo. Kwenye daftari jipya pigeni safu moja zaidi baada ya ya kiuno na nyonga: "kaelekezwa na". Kila Jumapili mnaihesabu. Kama wengi wanaingia, wanauliza bei na kutoka, tazama nguo za dirishani na namna binti anavyojibu kabla hujagusa bei. Kama wanashona mara moja na hawarudi ndani ya miezi mitatu, tangazo halina kosa, nenda kakague mikono na viuno. Kama haingii mtu kabisa, ama fremu iko upande asiopita, ama daftari hukulipigia simu.

Na chini kabisa iandikwe tarehe. Fundi wetu ametenga 1,000,000 ya kulibeba duka jipya. Likishona sita kwa wiki, linaingiza 336,000 kwa mwezi, linapungukiwa 214,000. Akiba yake inabeba miezi minne na ushei. Akifungua Mei, tarehe yake ni 31 Agosti. Siku hiyo anatazama wiki nne za mwisho. Zimefika kumi, anaendelea. Ziko saba au nane na zinapanda, anaongeza mwezi. Ziko sita na zimelala, anamwambia mwenye fremu, anazirudisha cherehani, na nguo zote zilizopokelewa zinakabidhiwa kabla mlango haujafungwa.

Mwenyekiti, karatasi tupu ziko pale karibu na chai, zimepigwa mistari tayari. Anayetaka kwenda Kilosa, Ifakara, Iringa au Dodoma achukue moja, aandike zile namba mbili za juu, kisha tukae naye. Napokea maswali, nianze na mzee wangu wa faini ya 5,000.